Kwaherini wana ghala wa Busia, na makabidhiano

Mzee Mwenyekiti, Mama Mweka Hazina, na ndugu zangu wote wa getini, stoo na chumba cha vipimo,

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Leo mkataba wangu wa miezi 9 unakwisha. Nawashukuru kwa moyo wote. Shukrani ya kwanza ni ya karani wa getini, aliyekataa kufungulia lori la mahindi yenye unyevu wa asilimia 16.8 hata mwenye mzigo alipopiga simu mara tatu. Msimamo ule ndio mradi wenyewe.

Makabidhiano: kuanzia Jumatatu, msimamizi wa stoo anashika funguo za chumba cha vipimo, kipima unyevu, mabambo 3 na daftari la malundo, karani wa mapokezi anashika faili `vipimo_ghala.xlsx`, Mama Mweka Hazina ndiye anayeidhinisha ununuzi wa vifaa vya kupimia sumukuvu.

Jambo ninaloomba lisilegee ni kuchukua sampuli. Sumukuvu haikai sawasawa kwenye mzigo: punje chache zinaweza kubeba sumu nyingi, na gunia la jirani likawa safi kabisa. Kwa hiyo kuchoma bambo kwenye magunia matano ya mlangoni, kwa kuwa ndiyo yanayofikika, ni kujidanganya. Mzigo wa magunia 10 au chini, chomeni yote. Kati ya 10 na 100, chomeni 10 yaliyotawanyika. Ukizidi 100, tafuteni kipeuo cha pili cha idadi ya magunia: magunia 400, mnachoma 20, ya juu, ya katikati na ya chini kabisa, hata kama wapagazi watanung'unika. Kisha changanyeni na kusaga sampuli yote kabla ya kupima kijisehemu. Mkichota konzi moja ya punje nzima mkaisaga hiyo tu, jibu mtakalopata ni la konzi ile, si la lori.

Kipima unyevu nacho kina mitego yake. Mahindi yaliyotoka juani hukauka ganda kwanza huku moyo wa punje bado una maji, kwa hiyo kipimo cha jioni kinaweza kusema 13.2, na asubuhi yale yale yakasoma 14 na zaidi. Yaacheni yalale usiku mmoja kwenye gunia, mpime tena, ndipo mwandike. Yakiwa bado ya moto, msiyapime. Na kila punje zikiingia kwenye kikombe cha kipima zimwagwe bila kushindiliwa.

Mkulima akilalamika kwamba kilo zake zimepungua baada ya kuanika, mpigieni hesabu mbele yake, msimfokee. Tani moja yenye unyevu wa asilimia 18 ikishuka hadi 13.5:

```
1000 × (100 − 18) ÷ (100 − 13.5) = 948
```

Kilo 52 ni maji yaliyoondoka, hakuna aliyeiba. Karatasi ya hesabu hii nimeibandika karibu na mizani. Ikichakaa, andikeni nyingine.

Kiwango cha Afrika Mashariki mnakijua: unyevu usizidi asilimia 13.5, sumukuvu yote isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ile aina ya B1 isizidi 5. Mnakumbuka Machi 2021, Kenya iliposimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hii hii, kisha ikafungua baada ya siku chache kwa masharti, cheti cha vipimo kikiwa mojawapo. Sisi tuko mpakani. Shehena ikirudishwa, gharama za lori, maegesho na mvua ni zetu.

Stoo iko vizuri: malundo juu ya paleti, mita moja kutoka ukutani ili mtu apite na tochi. Kona ya kaskazini bati linavuja, nami sikuridhika na ukarabati uliofanyika. Msiweke lundo pale mpaka fundi arudi. Vidonge vya fosfini aviweke aliyefunzwa tu, turubai lifungwe kwa mifuko ya mchanga pande zote siku 7, na asilale mlinzi humo hata usiku mmoja, maana gesi ile inaua.

Msimu wa Desemba mahindi yatakuja kwa wingi na mtashawishika kupunguza foleni kwa kuruka kipimo cha getini. Afadhali mwongeze karani wa pili kwa wiki 6.

Hadi mwisho wa mwezi ujao nipigieni kwa namba ile ile. Swali la kipimo liwekwe kwenye kundi letu la wasapu pamoja na picha ya ukurasa wa daftari, nione namba ya lundo na saa ya kupima.

Nitaikumbuka posho ya saa saba chini ya mwembe. Kwaherini, na msimu mwema.

Mshauri wenu wa ubora wa nafaka