Salfa Kama ya Juzi

Mwishoni mwa mwezi wa sita duka la pembejeo pale Mtwara mjini halina kupumua, simu zinalia tangu asubuhi, mikorosho imeanza kuchanua na ugonjwa wa ubwiriunga ukishashika maua basi korosho ya msimu huo ihesabu imepungua, kwahiyo kila mtu anataka dawa yake, salfa, na anaitaka leo. Zuhura alikuwa na miezi michache tu kazini, binti wa Mikindani, ametoka chuo, Bi Somoe mwenye duka alimpenda kwa sababu ni mwepesi, ukimtuma kitu kabla hujakaa keshafanya.

Siku hiyo mwenyekiti wa chama kimoja cha msingi kule Tandahimba alipiga simu, anataka mifuko 400 ya salfa, pesa ipo. Bi Somoe alikuwa anatoka kwenda benki, akamwambia Zuhura mlangoni, "Waandikie Dar walete salfa ya Tandahimba, mifuko mia nne," akaondoka. Zuhura akafungua imeili akaandika:

"Kichwa: Oda
Habari za kazi. Naomba mtutumie ile salfa kama ya juzi, mifuko 400. Ifike mapema tafadhali maana wateja wanasubiri. Ahsante, Zuhura."

Kichwani mwake kila kitu kilikuwa wazi kabisa. Ya juzi ni ile ya unga waliyochukua mwezi wa tano, mfuko wa kilo 25, ile inayopulizwa kwa mashine alfajiri majani yakiwa bado na umande. Lakini kule Dar karani hajui kilichomo kichwani mwa Zuhura, yeye anafungua faili la mteja na anaangalia oda ya mwisho, na oda ya mwisho ilikuwa mifuko 40 ya salfa ya kuchanganya na maji ambayo Bi Somoe aliagiza kwa simu kwa ajili ya wakulima wa mboga wa Ndanda. Mfuko nao ni kilo 25 vilevile. Karani akaona oda imekua, akafurahi, akapakia tani 10 nzima za salfa ya maji.

Lori likafika Mtwara usiku, na kwa vile wateja wanasubiri Bi Somoe akasema lisishushe, liunganishe moja kwa moja Tandahimba. Hapo ndipo lilipoharibikia zaidi, kwa sababu lingeshushwa dukani Mzee Chilumba wa stoo angeona lebo.

Saa nne asubuhi simu ya duka ikalia, akapokea Zuhura.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba mwanangu. Huu mzigo wenu nani kauagiza?"

"Ni ile salfa yenu, mia nne."

"Hii siyo ya kwetu. Imeandikwa changanya na maji. Mwanangu, huku juu maji ya kunywa tunanunua kwa ndoo, sasa mimi nikawaambie wanachama wakachanganye na maji gani? Na mashine zao zote ni za kupuliza unga. Watu wamekuja na baiskeli na bodaboda, wamejaa hapa uwanjani."

Zuhura alisikia kelele za hao watu kwenye simu, mama mmoja anauliza kama agawiwe tu hivyohivyo atajua mwenyewe. Akakosa la kusema, akabaki "samahani mwenyekiti, samahani". Na hesabu yenyewe si ndogo, mti mmoja unakula kama robo kilo kwa mpulizo mmoja, kwahiyo mifuko 400 ni mikorosho kama 40,000 iliyobaki bila dawa, na ukiruhusu wiki mbili zipite maua yanakauka meusi mtu anayaangalia.

Bi Somoe alipiga Dar kwa hasira zote, akidhani kosa ni la kwao. Wale wakamrudishia imeili ileile, wakamwambia mama, soma mwenyewe, imeandikwa salfa kama ya juzi, tumeleta kama ya juzi. Akasoma mara mbili. Akamwita Zuhura, hakumfokea, na mimi naona hilo lilimuuma binti kuliko kufokewa. Alimwambia tu, "Nauli ya kurudisha lori ni yetu. Nenda ukakae na Mzee Chilumba."

Mzee Chilumba alikuwa anafagia unga wa njano uliomwagika chini ya rafu. Alimpa Zuhura kigoda, akachukua mfuko wa salfa ya unga na mfuko wa salfa ya maji akailaza miguuni kwake, akamwambia asome lebo kwa sauti. Rangi ya dawa ileile, uzito uleule, hata maandishi makubwa yanafanana, ila huku chini pameandikwa unga wa kupuliza na huku pameandikwa changanya na maji.

"Sasa niagizie mimi," mzee akasema. "Mimi ni mpakiaji wa usiku kule Dar, nimeanza kazi leo, sikujui, simjui Bi Somoe, Tandahimba sijawahi kufika. Bosi wangu kalala. Nina karatasi yako tu."

Zuhura akajaribu. Mzee akawa anauliza kila sentensi, salfa ipi, mfuko wa kilo ngapi, unashushiwa wapi, nani anapokea, mapema ni lini, kesho au Ijumaa? Lile neno mapema lilimkalisha sana, akagundua hata yeye mwenyewe hakuwa na siku kichwani. Alipomaliza mzee akamwambia kitu kimoja zaidi, usiamini kwamba wamekuelewa mpaka wao wakuandikie walichoelewa.

Mchana huo Zuhura aliandika upya, akampelekea Mzee Chilumba asome kabla ya kutuma:

"Kichwa: Oda ya salfa ya UNGA mifuko 400, kushushia Tandahimba
Habari za kazi. Tunaagiza salfa ya unga ya kupuliza kwenye mikorosho (SIYO ya kuchanganya na maji), mfuko wa kilo 25, mifuko 400, jumla tani 10.
Mzigo ushushwe kwenye ghala la chama Tandahimba, siyo dukani Mtwara. Anayepokea ni mwenyekiti wa chama, namba yake nitaituma mkishanipa jina la dreva.
Ufike si zaidi ya Ijumaa saa sita mchana. Kama hamtaweza siku hiyo naomba mniambie leo.
Lori hilo lichukue salfa ya maji iliyopelekwa kimakosa, mifuko 360. Mifuko 40 tunabaki nayo kwa ajili ya Ndanda.
Kabla ya kupakia naomba profoma na picha ya lebo ya mfuko mmoja. Zuhura."

Picha ikaja, lebo sawa. Profoma ikaja, bei sawa, idadi sawa, akashuka mpaka chini, mahali pa kushushia pameandikwa Mtwara mjini. Akapiga simu.

"Dada si huwa tunashusha hapo kwenu siku zote?"

"Kaka, hii inapitiliza Tandahimba. Rekebisha kwanza, profoma nyingine ikija ndio tunalipa."

Ikaja nyingine. Akaiprinti akampelekea Bi Somoe, mama akavaa miwani, akasoma mpaka mstari wa mwisho, akauliza, "Dreva ni nani?" Zuhura akamtajia jina, na kwamba namba ya mwenyekiti keshamtumia. Bi Somoe akachukua simu akalipa.