Kalenda ya ofa za duka, Januari hadi Desemba 2026 (ibandikwe nyuma ya kaunta)

Dada, na wewe mdogo wangu wa stoo, isomeni yote leo, kisha muwe mnaipitia kila Jumamosi jioni tukifunga hesabu.

Kanuni ya mwaka huu ni moja: bei haishuki siku watu wamejaa mlangoni. Januari iliyopita tulipunguza shilingi 5 kwa kila daftari siku ile ile shule zinafunguliwa, foleni ikafika hadi kwa jirani muuza kanga. Wale wangenunua hata kwa bei kamili, maana mtoto ameshikwa mkono na orodha ya mwalimu iko kwenye kikapu. Tuliuza katoni 14, faida ikatosha kumlipa hamali na punda wake. Kwa hiyo ofa zote sasa zinatangulia msimu, wakati tunakaa tukipiga nzi.

15 Desemba hadi 3 Januari: Nunua mapema
Dazeni ya daftari za kurasa 96 ni 400 badala ya 480. Dazeni ya A4 kurasa 200 ni 1,150 badala ya 1,320. Anayechukua dazeni mbili tunamfungia kava za kaki bure, papo hapo. Kijana, kava ikunjwe ndani vidole viwili, si kimoja. Zile za mwaka jana zilifunguka kabla ya nusu muhula na kina mama walizirudisha.

Ujumbe wa stetasi, unakiliwe hivi hivi:

"Assalaam alaykum. Madaftari ya muhula wa kwanza yameshafika dukani kwetu, Langoni. Dazeni ya kurasa 96 ni 400 tu, mwisho Jumamosi 3 Januari. Tuma orodha ya mtoto sasa, uje uchukue mzigo umeshafungwa. Karibuni."

5 hadi 17 Januari: hakuna ofa
Muhula wa kwanza unaanza Jumatatu tarehe 5, na gredi ya 10 wanaripoti kuanzia tarehe 12. Hawa wa gredi ya 10 wengi wanakwenda bweni, kwa hiyo tuwe na Mzigo wa Bweni tayari: madaftari dazeni mbili za A4, rimu ya fulskepu, mkebe wa jometri, kamusi na kalamu kumi, jumla 4,200. Huo si ofa, ni kumpunguzia mzazi kuzunguka.

Msiagize kitu chochote cha kidato cha pili. Darasa hilo halipo mwaka huu: waliofanya KCPE ya mwisho 2023 wako kidato cha tatu, na nyuma yao ni gredi ya 10. Mwakani kidato cha tatu nacho kitakuwa kitupu, basi vitabu vya marudio vya kidato hicho viuzwe vyote ifikapo Oktoba, hata kwa kupunguza. Vitabu vya kiada tusihangaike navyo sana. Shule za umma hupewa na serikali. Tuweke vile vinavyoulizwa na shule za binafsi tu.

Wateja wa Faza na Kizingitini wanahitaji mpango wao. Boti zao zinafuata maji, Mkanda haupitiki maji yakitoka, na mtu akikwambia "nina nusu saa" ana nusu saa kweli. Atume orodha jana yake kabla ya saa mbili usiku, alipe kwa M-Pesa, na asubuhi fungu lake likae kando ya mlango lina jina. Tusimweke kwenye foleni.

Februari na Machi: Ramadhani
Mwezi unatarajiwa kuandama karibu na 18 Februari. Tutafungua saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, kisha baada ya tarawehi hadi saa 5 usiku. Ofa ni ya madrasa: juzuu amma, mas-hafu na daftari za mistari kwa bei ya jumla kwa kila ustadhi anayechukua kuanzia vipande 20. Nusu muhula, 25 Februari hadi 1 Machi, haina cha kufanya.

Aprili: masika
Shule zinafungwa tarehe 2 na kufunguliwa tarehe 27. Mzigo utoke Mombasa kabla ya tarehe 8, kwa sababu barabara ya mvua haina ahadi, na kutoka Mokowe kuna boti. Mwaka jana katoni tatu zilirowa kwenye boti, kisa msambazaji alituma bila nailoni na mimi sikuuliza. Safari hii nailoni iandikwe kwenye oda. Zile daftari zilizobaki na pembe zilizojikunja zipangwe mezani nje kuanzia 13 Aprili, shilingi 15 kila moja. Mtu akiuliza kwa nini rahisi, mwambieni ukweli kuwa zimerowa. Ofa ya dazeni kama ya Desemba irudi 13 hadi 25 Aprili.

Juni na Julai
Muhula unaisha 31 Julai. Katikati ya Julai kuna mitihani ya ndani; fotokopi inashuka kutoka shilingi 5 hadi 3 kwa anayezidi kurasa 50. Kitabu kizima hatutoi kopi, hata kwa rafiki.

Agosti: mzigo mapema kuliko kawaida
Muhula wa tatu unaanza Jumatatu 24 Agosti, na mwaka huu unaingiliana na Mfungo Sita. Mji utajaa wageni wa maulidi, mabasi na boti vilevile. Kila kitu kiwe stoo ifikapo tarehe 12. Muhula huu ni mfupi, wiki 9 tu, na wazazi wanajua: hawanunui dazeni. Tuuze nusu dazeni kwa 210, kuanzia 10 hadi 22 Agosti.

14 Septemba hadi 24 Oktoba: Mkoba wa Mtahiniwa
Huu ndio msimu nautilia maanani zaidi. KPSEA na KJSEA zinaanza mwisho wa Oktoba, KCSE ya karatasi ni 2 hadi 20 Novemba. Kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani: kalamu nne, penseli mbili za HB, raba, kichongeo, rula na mkebe wa jometri. Bei 350 hadi 10 Oktoba, kisha 420.

Kalikuleta ziwe zile za kawaida za sayansi, zisizo na programu. Kila moja ijaribiwe mbele ya mteja: washa, piga 7 mara 8, toa kipeuo cha pili cha 144, zima. Mama mmoja alirudi asubuhi ya mtihani na kalikuleta yetu imekufa betri, mtoto yuko nje analia kimya. Nilimpa yangu ya hesabu za duka. Sitaki tena.

Na mtu akiuliza kama tuna "karatasi zilizovuja", jibu ni hatuna na hatutafuti. Asije akasimama hapo akiwauliza wanafunzi.

Novemba na Desemba
Wiki mbili za kwanza tunahesabu stoo. Kuanzia 16 Novemba tuuze kalenda na shajara za 2027, na manila, krayoni na gundi kwa bei ya likizo kwa watoto wadogo. Oda ya Januari itumwe ifikapo 25 Novemba, na neno nailoni liwe mstari wa kwanza.