Barua ya makubaliano: advansi ya mshahara na mkopo wa fundi mkuu

Kahama
Alhamisi, tarehe 8 Januari 2026

Kwa Fundi Mkuu wa Mashine,
Kiwanda cha kukoboa mpunga.

YAH: ADVANSI YA SHILINGI 300,000 NA MKOPO WA SHILINGI 1,800,000

Fundi, habari za kazi na poleni sana nyumbani. Nimesoma ombi lako la Jumatatu tarehe 5 Januari. Mtoto anaingia kidato cha kwanza bweni na bado hana godoro, sanduku wala sare. Juu ya hilo, upepo wa mvua za Desemba umeezua vyumba viwili na mnalala wote sebuleni. Nimekubali maombi yote mawili, na fedha zote, shilingi 2,100,000, zinaingia leo kwenye akaunti unayopokelea mshahara.

Kabla hujasaini naomba uisome barua hii polepole, hata ukienda nayo nyumbani mkaisome na mama watoto. Mwaka juzi tulipeana advansi kwa mdomo, karatasi ya daftari ikapotea, na mwezi Agosti kila mmoja wetu akawa na hesabu yake. Deni lile liliisha, lakini tulikaa wiki mbili hatuangaliani usoni. Sitaki tena jambo hilo litokee kati yangu na mtu anayeshika mashine yangu kwa mwaka wa tisa.

Advansi na mkopo ni vitu viwili, nami nimevitenganisha makusudi. Advansi ni sehemu ya mshahara wako mwenyewe unayoichukua mapema, kwa hiyo inarudi upesi: shilingi 100,000 mwishoni mwa Januari, 100,000 Februari na 100,000 Machi. Mkopo wa bati na mbao hautakatwa hata shilingi katika miezi hiyo mitatu. Unaanza Aprili, shilingi 210,000 kila mwezi hadi Novemba, ambazo ni 1,680,000. Desemba utakatwa 120,000 zilizobaki, na hapo deni limekwisha. Desemba nimeifanya nyepesi kwa sababu mnakuwa na sikukuu na Januari mtoto anarudi shule.

Uliomba tukate vyote pamoja kuanzia Januari ili umalize haraka. Nimekataa, na hesabu ya mshahara wako ndiyo sababu:

Mshahara wa mwezi: 850,000
Mchango wako wa NSSF, asilimia 10: 85,000
Kodi ya mapato (PAYE) kwenye 765,000: 69,250
Unachobaki nacho kabla ya deni: 695,750

Ukitoa 100,000 za advansi unapeleka nyumbani 595,750. Kuanzia Aprili unapeleka 485,750, na Desemba 575,750. Tungekata 310,000 kwa pamoja ungebaki na 385,750 wakati huohuo unanunua misumari na kumlipa fundi wa paa. Mtu akikatwa hadi anakosa nauli, huishia kukopa kwa watu wa riba mtaani, na nimeshuhudia vijana wawili wa hapa kiwandani wakipoteza pikipiki zao kwa njia hiyo.

Mkopo huu hauna riba, wala hakuna ada ya fomu wala faini. Kwa upande wa kodi, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 huhesabu nafuu ya riba anayopewa mfanyakazi kuwa ni faida ya ajira, isipokuwa mkopo ukiwa wa chini ya miezi 12 na jumla ya mikopo yake katika miezi 12 haizidi mishahara ya msingi ya miezi mitatu. Kwako miezi mitatu ni 2,550,000, nasi tumo ndani. Ikitokea dharura nyingine, njoo tuzungumze, maana ipo nafasi ya 450,000 kabla ya kufika kikomo hicho. Malipo yakisogea kwa sababu yoyote hadi kukaribia tarehe 7 Januari 2027, tutakaa na karani wa mishahara kabla ya siku hiyo ili usije ukashtukia kodi usiyoitarajia.

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakiniruhusu kukukata deni bila wewe kukubali kwa maandishi. Saini yako hapa chini ndiyo ruhusa hiyo, na ni ya viwango na miezi niliyoitaja tu. Hairuhusu nikukate gunia lililopotea, mkanda wa mashine uliokatika au deni la dukani. Kila mwezi hati yako ya mshahara itaonyesha makato kwenye mstari wake, pamoja na salio. Ukiona tarakimu usiyoielewa, usisubiri mwezi upite. Nenda kwa karani siku hiyohiyo.

Malipo ya saa za ziada za msimu wa mpunga hayaguswi. Ukitaka mwenyewe kupunguza deni kwa fedha hizo, mwandikie karani kiasi, naye atakupa risiti. Makato ya Desemba ndiyo yatakayopungua kwanza.

Ukiugua, siku 63 za mwanzo unalipwa mshahara kamili na makato yanaendelea. Siku 63 zinazofuata sheria inakupa nusu mshahara, na kwa nusu hiyo ungebaki na 373,500 baada ya NSSF na kodi. Katika kipindi hicho nitakata 100,000 tu, na pengo litasogezwa mwishoni. Nikichelewesha mshahara mimi, sitakudai chochote hadi utakapoupokea.

Ajira ikikoma, iwe umeacha wewe au nimeimaliza mimi, salio litakatwa kwenye malipo ya mwisho bila kuzidi nusu yake. Kiinua mgongo na nauli ya kurudi kwenu havitaguswa. Kitakachobaki utalipa 100,000 kila mwezi. Mungu apishe mbali, ukifariki deni hili limesamehewa lote, na hakuna mtu wa kiwanda hiki atakayekwenda msibani kumdai mjane.

Tukitofautiana, kwanza tukae sisi wawili na mwakilishi wa wafanyakazi. Tukishindwa, mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi uko wazi kwako, wala kwenda huko hakutaharibu kazi yako.

Nakala ni tatu: yako, yangu na ya karani wa mishahara.

Imesainiwa na mmiliki wa kiwanda, tarehe 8 Januari 2026, mbele ya karani wa mishahara.

KUKUBALI KWA MFANYAKAZI

Mimi Fundi Mkuu wa Mashine nimeisoma barua hii kwa Kiswahili ninachokielewa, nimekaa nayo tangu asubuhi na nimeijadili na mke wangu. Nakiri kupokea shilingi 300,000 za advansi na shilingi 1,800,000 za mkopo. Namruhusu mwajiri anikate kwenye mshahara shilingi 100,000 Januari, Februari na Machi 2026, shilingi 210,000 kila mwezi kuanzia Aprili hadi Novemba, na shilingi 120,000 Desemba 2026. Nimekubali kwa hiari yangu, na mwajiri ameniahidi kwamba zamu yangu ya usiku haitaongezwa kwa sababu ya deni hili.

Imesainiwa na Fundi Mkuu wa Mashine, tarehe 8 Januari 2026, saa kumi jioni, mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi.