Nesi akiondoka, nani anapokea ripoti?

Rafiki yangu alipata mkataba wa kwenda kufanya kazi nje na zamu yake ya mwisho tulikuwa naye usiku, manesi wawili, wagonjwa 38. Saa tisa usiku dripu ya mama wa kitanda cha 12 inaisha na huku mtoto wa kwenye oksijeni ameanza kuhangaika, yeye akakimbilia mtoto mimi nikakimbilia dripu, na nikiwa nabadilisha ile chupa nikawaza, kesho nikiwa peke yangu ningeanza na nani?

Sasa watu wakisikia nesi kaondoka wanasema ametusaliti, anafuata hela. Jamani, tuongee vizuri. Hela siyo dhambi, nesi ana wazazi na ada za watoto kama wengine. Tena haki ya mtu kutoka nchini mwake na kurudi imeandikwa kwenye Azimio la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 13, haijasema isipokuwa manesi. Kumfungia mlango mtu kwa sababu ni mzuri kwenye kazi yake siwezi kukubali.

Ila pia siwezi kudanganya kwamba hakuna anayeumia. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2023 zinaonyesha dunia ina manesi milioni 29.8 hivi na bado kuna upungufu wa milioni 5.8, pengo lenyewe liko zaidi kwa nchi maskini na zenye magonjwa mengi, na nesi 1 kati ya 7 duniani anafanya kazi nchi ambayo hakuzaliwa. Kwenye wodi namba hizo ni mgonjwa wa upasuaji anayetakiwa kupimwa presha kila baada ya nusu saa halafu anapimwa mara mbili usiku mzima, na asubuhi tunakuta amevuja damu ndani kwa ndani wakati presha ilishaanza kushuka saa nyingi na hakuna aliyeiona. Huyo hakuuawa na aliyepanda ndege, lakini amekufa kwa kukosa mtu.

Mimi kinachoniuma ni hiki. Sisi manesi tuna sheria moja hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua, hutoki zamu bila kukabidhi. Unaweza kuwa umechoka mpaka miguu inavimba, unasubiri mwenzako afike, mnapita kitanda kwa kitanda, huyu kapewa dawa, huyu bado, huyu muangalie sana. Kuondoka siyo kosa, kosa ni kuacha wagonjwa bila mtu wa kuwapokea. Rafiki yangu alitoa notisi miezi mitatu kabla, akamfundisha dada mmoja mgeni wodini kila alichojua, kwa upande wake alikabidhi. Sasa serikali iliyopokea notisi miezi mitatu ilifanya nini? Na nchi iliyomchukua, ambayo haikulipia hata siku moja ya masomo yake, inakabidhi nini huku?

Mwaka 2010 nchi wanachama wa shirika hilohilo zilipitisha kanuni za kuajiri wahudumu wa afya toka nje, na mwaka 2023 ikatoka orodha ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa ambazo hazitakiwi kufuatwa kwa kampeni za kuajiri. Nzuri, lakini kanuni zile ni za hiari, hakuna anayeshtakiwa akizivunja, na nesi akiomba kazi mwenyewe mtandaoni hazimhusu, wala hazitakiwi kumhusu. Anayepaswa kubanwa ni mwajiri. Ukichukua nesi mmoja lipia masomo ya wawili kule ulikomtoa, na pesa iende chuoni na wodini isiishie ofisini.

Na nyumbani napo tusijifiche, maana kuna nchi zina manesi wenye leseni wamekaa nyumbani bila ajira wakati wodi ziko tupu kwa sababu bajeti ya mishahara imefungwa, halafu kiongozi anasimama kulaumu wanaoondoka! Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya na nchi nyingi hazijawahi kufika hapo. Unamwambia mtu avumilie kwa uzalendo, avumilie mpaka lini na nani anavumilia naye?

Kuna nesi atakayesema basi na mimi niende tu sina deni. Hapana, deni unalo, ni la wale wagonjwa na mwenzako unayemwacha, ndiyo maana kuondoka ghafla katikati ya ratiba, simu imezimwa, naona ni vibaya hata kama mshahara umechelewa.

Asubuhi ile tulipita vitanda vyote 38. Kwa mtoto wa oksijeni rafiki yangu alikaa muda mrefu, akanionyesha jinsi ya kumlaza ili apumue vizuri, akasaini kitabu cha ripoti akaniachia kalamu yake. Ratiba ya wiki iliyofuata ilipobandikwa mstari wa jina lake ulikuwa mtupu, na mpaka leo naandika hivi uko mtupu.