Chumba chenu cha tarehe 14 Agosti, na kingine kilichobaki wazi

Bi. Zawadi,

Habari za Morogoro? Malipo ya awali tumeyapata, ahsante. Chumba chenu cha ghorofa ya kwanza kipo kama mlivyokiweka: Ijumaa tarehe 14 hadi Jumatatu tarehe 17 Agosti 2026, usiku tatu, kifungua kinywa ndani yake. Hilo halibadiliki hata usipojibu barua hii.

Ulipoweka nafasi uliandika kwamba mnatimiza miaka kumi ya ndoa. Jana mgeni mmoja ameahirisha safari, na chumba cha juu kinachotazama bahari kimebaki wazi siku zenu zote tatu. Nikaona si vizuri mje mkute kiko kitupu na hatukuwaambia.

Chumba chenu cha sasa kinatazama kichochoroni. Kina kivuli mchana kutwa na usiku kimetulia. Cha juu kina roshani ya mbao yenye nafasi ya viti viwili na meza ya kahawa. Jioni jua linazama mbele yenu, madau yanapita na tanga zao, na mkiinama kidogo mnawaona vijana wa Forodhani wakijirusha baharini. Kitanda ni samadari, pana kuliko chenu.

Bei yake ni shilingi 235,000 kwa usiku, nanyi mnalipa 180,000. Kwa kuwa kimeachwa ghafla, tutaomba nyongeza ya 40,000 tu badala ya 55,000. Kwa usiku tatu ni 120,000. Mtalipa mkifika, taslimu au kwa simu.

Kuna mambo mawili heri niyaseme mapema. Chumba kiko ghorofa ya tatu, lifti hatuna, na ngazi zetu ni za nyumba za kale za Mji Mkongwe: nyembamba, zimesimama wima. Mizigo vijana wetu watapandisha, ila magoti kila mtu hupanda na yake. Uliuliza pia kama mama anaweza kuja nanyi. Akija, bakini chini, na yeye tutamtafutia chumba jirani na chenu. La pili, kelele za Forodhani hufika hadi juu, hasa usiku wa Jumamosi watu wanapofuata mishikaki na urojo.

Mkikipenda, jibu hapa neno moja tu kabla ya Ijumaa tarehe 7. Tukifika siku hiyo bila jibu, tutakirudisha sokoni na sitakuandikia tena kuhusu jambo hili. Mumeo nimemtumia barua hii hii kwa Kiingereza, bei zile zile, msije mkapishana.

Ukijua boti mtakayopanda kutoka Dar, nijulishe. Kijana wetu atawapokea bandarini. Si mbali, mnaweza kuja kwa miguu na mizigo ikaja kwa mkokoteni.

Karibuni sana.

Mwanaidi
Mapokezi, Shangani