Maelezo ya bajeti 2026: koperative yetu ya mashini ya bunga, Katuba, Lubumbashi

Karatasi hii inaenda pamoja na tablo zote ine: Tablo 1 (pesa inaingia), Tablo 2 (pesa inatoka), Tablo 3 (mwezi kwa mwezi) na Tablo 4 (mashini na vifaa). Imeandikwa tarehe 3 Januari 2026 kwa ajili ya mkutano wa wanachama wote wa Jumamosi tarehe 10. Bamama, tafadhali musome hii kwanza mbele ya kuangalia namba, juu namba peke yake zinaweza kukudanganya hata kama hesabu iko sawa.

Vile tulihesabu

Bajeti ni ya Januari 1 mpaka Desemba 31, 2026. Tunaandika pesa siku inaingia mukononi ao siku inatoka, si siku ya kuahidi. Kama mama mmoja alisaga leo na akasema atalipa Jumamosi, hiyo pesa ni ya Jumamosi. Sheria za hesabu za OHADA, zenye Kongo iliingia mwaka 2012, zinaruhusu wadogo kama sisi kushika hesabu ya namna hii, na kusema kweli njo ile yenye kila mtu hapa anaweza kufuata kwa macho yake kwenye daftari.

Kila kitu kiko katika franga ya Kongo. Vitu vyenye tunalipa ao kupokea kwa dola (kodi ya nyumba, akiba ya mashini, michango ya wanachama) tumevibadilisha kwa 2.300 FC kwa dola moja, mwaka muzima, bila kupandisha wala kushusha. Tunajua kama haitabaki vile. Mwaka 2025 dola ilizunguka muda murefu juu ya 2.800 kisha miezi ya mwisho ikaanguka, na sisi tulikuwa tumefungia akiba ndani ya sanduku kwa dola. Zile dola 600 zilikuwa 1.710.000 FC kwa hesabu ya 2.850, leo kwa 2.300 ni 1.380.000 FC. Franga 330.000 zimeenda na hakuna mtu aliyeziiba. Njo maana mwaka huu pesa ya mazutu na ya mishahara inabaki katika franga, dola tunaweka tu kwa vitu vyenye tunalipa kwa dola.

Tumeanza mwaka na 612.000 FC na hizo dola 600, zilihesabiwa tarehe 31 Desemba usiku na watu watatu. Ndani ya sanduku kulikuwa pia noti mbili za dola 20 zenye mupasuko kidogo pembeni, moja mupasuko wake haufiki hata urefu wa ukucha. Tulizipeleka kwa wabadilisha pesa wane na wote walizirudisha. Hizo dola 40 hatukuzihesabu. Siku mtu atazikubali tutaziandika kama pesa imeingia, leo kwetu ni karatasi.

Meka, hapa njo moyo wa bajeti

Karibu pesa yote inatoka kwa kusaga, 300 FC kwa meka. Tumeweka meka 520 kwa siku kwa miezi nane, Aprili mpaka Novemba, na meka 380 kwa siku kwa Januari, Februari, Machi na Desemba, siku 26 kwa mwezi. Hizo namba hazikutoka hewani. Tulipitia daftari la mwaka 2025 ukurasa kwa ukurasa: Aprili mpaka Novemba ilikuwa 541 kwa siku, Januari mpaka Machi ilikuwa 392, kisha tukashusha kidogo juu ya kujilinda. Wakati wa mvua mahindi ya kwetu yanaisha kabla mapya hayajakauka, watu wananunua bunga iliyosagwa tayari yenye inapita Kasumbalesa, na kwetu mashini inalala. Mwaka 2024, wakati ukame ulipiga Zambia, wote tuliona vile bei ya bunga ilipanda hapa. Bajeti hii inachukua kama mavuno ya 2026 yatakuwa ya kawaida pande zote mbili za mpaka.

Kwa hesabu hiyo kusaga kunaleta 44.304.000 FC kwa mwaka. Makapi yenye tunauzia wafuga nguruwe na kuku tumeweka 150.000 FC kwa mwezi, yaani 1.800.000. Michango ni wanachama 38 mara dola 2 mara miezi 12, dola 912, sawa na 2.097.600 FC, na hapa tunachukua kama wote 38 watalipa. Yote pamoja inafika 48.201.600 FC.

Sasa neno juu ya meka yenyewe. Meka yetu ikisawazishwa na kijiti inabeba kilo 2,6 za mahindi, tuliipima kwa balansi mara kumi. Ikijazwa na kichwa inafika kilo 3, na wateja wengi wanaleta kichwa na kulipa meka moja. Mashini inakula umeme wa kilo 3, sisi tunapata pesa ya kilo 2,6. Bajeti imehesabiwa kwa meka ya kijiti. Mwenye zamu kwenye kesi akiacha kichwa kipite juu mteja ni jirani ao ndugu, namba za Tablo 1 zinaweza kutoka sawa lakini umeme na mazutu vya Tablo 2 havitatosha.

Pesa inatoka

Mishahara ni ya watu watatu: wasagaji wawili kwa 600.000 FC kwa mwezi kila mmoja na mulinzi kwa 560.000. Tuliipandisha juu kuanzia Januari 2026 mshahara wa chini wa serikali ni 21.500 FC kwa siku, na kwa siku 26 hiyo ni 559.000. Najua kuna wenye watasema ni mingi kwa mulinzi. Analala pale na mashini, na sheria ni sheria. Mwaka muzima inafika 21.120.000 FC, na juu yake sehemu ya mwajiri ya CNSS, 13%, ni 2.745.600. Kwa INPP na ONEM tumeweka 740.000 pamoja. Wenye wanakaa kwenye kesi kwa zamu ni wanachama, hawalipwi.

Umeme wa SNEL tumeweka 550.000 FC kwa mwezi, ikichukuliwa kama bei haitabadilika. Mazutu ni hesabu ingine: jenereta inakunywa litri 4 kwa saa, tumeweka saa 7 kwa juma kwa majuma 39, na saa 15 kwa juma kwa majuma 13 ya Septemba mpaka Novemba, wakati maji yanashuka kule kwenye mabwawa kama Mwadingusha na delestaji inakuwa ya kila siku. Hiyo inafanya saa 468, litri 1.872, na kwa 3.000 FC kwa litri ni 5.616.000 FC. Mutaona kama umeme ukipotea saa mbili zaidi kila juma kwa mwaka, tunaongeza litri 416, franga 1.248.000. Nimeandika hiyo namba makusudi.

Zilizobaki ni fupi. Kodi dola 150 kwa mwezi, 4.140.000 FC kwa mwaka. Matengenezo (mukaba, nyundo za ndani, kichungi) 2.400.000. Akiba ya mashini dola 75 kwa mwezi, 2.070.000. Taksi za komine, simu, usafiri na usafi 1.320.000. Jumla yote 46.751.600 FC.

Ziada, na vile iko nyembamba

Inabaki 1.450.000 FC. Tafadhali mutu asiiangalie kama pesa ya kugawana. Sheria ya OHADA ya koperative inataka tuweke si chini ya 20% kwa akiba ya jumla na 20% kwa akiba ya mafunzo mpaka kila moja ifikie kapitali yetu, kwa hiyo 290.000 mara mbili inatoka kwanza.

Na hata hiyo 1.450.000 inasimama juu ya meka 16 tu. Meka 16 chini kwa siku, kwa mwaka muzima, na ziada imekufa. Meka 16 ni mama watano ao sita wenye wamechoka kungoja kwenye mustari wakaenda kwa mashini ya pili kule chini ya barabara. Kwa dola hatari ni ndogo kidogo: tunatoa dola 1.788 zaidi ya zile tunapokea, kwa hiyo kila franga 100 yenye dola inapanda inatula 178.800 FC. Ikirudi 2.850 tunapoteza 983.400 na inabaki 466.600, bila kuhesabu mazutu yenye itafuata dola kupanda.

Angalieni pia Tablo 3. Robo ya kwanza inaingia 9.866.400 na inatoka 11.375.900. Hiyo si kosa la kuandika. Mwisho wa Machi tutabaki na karibu 482.500 FC mukononi, na njo maana komite inaomba hakuna mtu kukopa kwenye kesi mbele ya mwezi wa ine, hata kwa siku mbili, hata mwenye komite.

Vyenye havimo

Uchakavu wa mashini haumo juu si pesa inatoka, akiba ya dola 75 njo inashika nafasi yake, lakini haitoshi kununua mota mupya. Mota ikiungua mwaka huu bajeti hii haina jibu, itabidi mukutano wa haraka.

TVA hatuongezi kwa bei ya kusaga kwa sababu hatujafika kiwango cha kulipisha. Yenye iko ndani ya bei ya vitu tunanunua tumeihesabu tayari na bei.

Kununua mahindi na kuuza bunga yetu wenyewe ndani ya mifuko hakumo. Wengi waliomba, na mimi pia ninaitaka, lakini inaomba pesa ya kununua mahindi ya miezi mitatu na stoo kavu, na hatuna hata moja. Itakuja na bajeti yake.

Sanduku la matanga na ugonjwa liko mbali, na daftari lake, halichanganywi hapa hata franga moja. Zawadi na ahadi za watu wa inje hazimo mpaka pesa ifike. Kazi ya zamu kwenye kesi haimo pia: kama tungelipa mtu mmoja kwa 560.000 kwa mwezi ingekuwa 6.720.000 FC kwa mwaka, zaidi ya mara ine ya ziada yetu. Bamama wenye wanaacha soko lao siku moja kwa juma na kukaa pale kwenye vumbi ya bunga toka asubuhi, hiyo njo pesa yenye haionekani kwenye tablo hata moja.

Hesabu tutailinganisha na daftari tarehe 5 ya kila mwezi. Kama meka zikishuka chini ya 360 kwa siku katika miezi ya mvua, ao chini ya 500 kuanzia Aprili, mwenye kushika hesabu ataita komite ndani ya juma moja na bajeti itafunguliwa upya.