Hotuba ya msimamizi wa ujenzi kwa wafanyakazi wapya, Kariakoo

Ndugu zangu mafundi, saidia fundi na wote mnaoanza kazi leo, habari za asubuhi na karibuni sana. Mimi ndiye msimamizi wa ujenzi wa jengo hili. Kabla hamjashika koleo wala nondo naomba mnisikilize, kwa sababu baadhi yenu mmejenga kwa miaka mingi na ujuzi mnao, lakini hakuna hata mmoja wenu anayeijua saiti hii.

Tumefika ghorofa ya tatu. Wiki hii tunasuka nondo za slabu ya ghorofa ya nne, na kule nyuma tunachimba shimo la tangi la maji lenye kina cha mita mbili na nusu, karibu na ukuta wa jirani. Mbele yetu kuna barabara yenye wachuuzi, wateja na mikokoteni kuanzia alfajiri. Kwa hiyo kipande cha tofali kikidondoka hapa, kinaweza kumwangukia mama aliyekuja kununua vitenge, ambaye hana kofia na hakuomba kazi kwetu.

Nianze na vifaa vya kujikinga. Kila mmoja atapewa kofia ngumu, buti zenye chuma kwenye vidole, vesti ya kuakisi mwanga na glovu. Hamtalipia chochote, kwa kuwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri avitoe, nanyi inawataka mvivae. Mtu yeyote akikukata hela ya kofia kwenye posho yako, njoo uniambie siku hiyo hiyo. Kofia haitobolewi ili kupitisha upepo, haipakwi rangi wala haikaliwi wakati wa chai. Na ikishapigwa na kitu kizito, hata kama huoni ufa, irudishe stoo upewe nyingine. Kandambili na yeboyebo mwisho wake ni getini. Najua buti zinachoma miguu mchana, lakini maboksi yanapobomolewa mbao huanguka zikiwa na misumari iliyosimama, na soli ya kandambili haiuzuii msumari.

Wanaomwaga zege wavae buti za mpira na glovu zisizopitisha maji. Saruji mbichi huchoma ngozi polepole, bila kuuma mwanzoni, na anayepiga magoti kwenye zege akiwa na suruali iliyolowa huja kugundua jioni kwamba ngozi imeshababuka. Ikikurukia, nawa mara moja kwa maji mengi safi. Ikiingia machoni, endelea kuosha huku mwenzako akimwita mhudumu wa huduma ya kwanza. Anayetumia grainda avae miwani na vizuia kelele, wala asithubutu kuondoa kinga ya diski ili diski kubwa iingie kwenye mashine ndogo. Mashine ndogo huzunguka kwa kasi kuliko diski hiyo inavyoweza kuhimili, na diski ikipasuka, vipande vyake havichagui pa kwenda.

Sasa tuje kwenye suala la kuanguka, ambalo ndilo linaloninyima usingizi. Jukwaa linafungwa na kufunguliwa na wafunga majukwaa peke yao, na kila asubuhi afisa usalama hulikagua na kutundika kibao: cha kijani panda, chekundu usipande, na kama hakuna kibao hesabu kwamba ni chekundu. Usichomoe mrunda wala ubao wa jukwaa hata kama unahitaji kipande kimoja tu cha kukalia. Mbao zikishapakwa tope la saruji huwa ngumu kukaguliwa, kwani ufa hujificha chini ya lile tope. Ukisikia ubao umelia au umenesa kuliko jirani yake, shuka. Panapokosa kizuizi pembeni, vaa mkanda wa usalama wa mwili mzima na uufunge mahali imara, juu ya kichwa chako inapowezekana. Mkanda uliovaliwa bila kufungwa popote ni pambo.

Kuna matundu ya lifti na ya mabomba katika kila ghorofa, na tumeyafunika kwa plaiwudi iliyopigiliwa misumari na kupakwa rangi nyekundu. Tafadhali nisikilizeni vizuri hapa. Mtu huona plaiwudi imelala chini, akadhani imeachwa tu, akainama na kuinyanyua kwa mikono miwili mbele ya kifua chake. Akishainyanyua haoni tena miguu yake, na hatua anayopiga kwenda mbele ndiyo inayomtumbukiza. Plaiwudi yenye rangi nyekundu haiguswi na mtu yeyote bila kibali changu cha maandishi, hata kama aliyekutuma ni fundi mkuu.

Kule kwenye shimo hatuingii mpaka kuta zake ziwe zimeegemezwa kwa mbao, tunashuka kwa ngazi iliyofungwa, na udongo uliochimbwa haurundikwi ukingoni. Usisimame chini ya mzigo wa winchi. Umeme unaunganishwa na fundi umeme, si kwa kuchomeka nyaya tupu kwenye soketi. Mwenye harufu ya pombe atarudishwa nyumbani, na hapo sitajadiliana na mtu. Maji ya kunywa yapo kila ghorofa. Kwa jua hili la Dar es Salaam msisubiri kiu.

La mwisho, na ndilo ninalolipa uzito kuliko yote, ni kutoa taarifa. Ukiona hatari, simamisha kazi yako, waonye walio karibu, kisha mwambie kiongozi wa kundi lako, afisa usalama au mimi mwenyewe. Asiyependa kuandika aseme kwa mdomo. Sisi tutaandika kwenye daftari lililoko ofisini na kukujulisha kilichofanyika kabla siku haijaisha. Nataka kusikia hata yale yaliyopona: nyundo iliyoanguka bila kumpata mtu, kamba iliyoteleza ikashikwa. Najua tumezoea kusema "Mungu amesaidia" na kuendelea, lakini nyundo ile ile itaanguka tena kesho kama hatukujua kwa nini ilianguka leo. Hakuna atakayekatwa posho wala kuachishwa kibarua kwa sababu ya kutoa taarifa au kukataa kupanda mahali pa hatari, na saidia fundi ana haki ya kumsimamisha fundi, hata mimi.

Wanaofanya kazi shimoni wauangalie ukuta wa jirani kila asubuhi. Tarehe 16 Novemba 2024, hapa hapa Kariakoo, jengo la ghorofa liliporomoka na kuua watu waliokuwa katika shughuli zao za kawaida. Ukiona ufa mpya, mlango wa jirani unaoanza kukwama au udongo unaomong'onyoka, toka kwanza, taarifa baadaye.

Ukiumia, hata mchubuko, uandikwe siku hiyo hiyo, kwani madai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi yanahitaji kumbukumbu. King'ora kikilia mfululizo, wote tukutane getini upande wa barabara tuhesabiwe. Namba ya Zimamoto ni 114.

Kama kuna swali, ulizeni sasa. Baada ya hapo tupange foleni stoo, kila mmoja ataje namba ya buti zake na kutia saini, kisha afisa usalama atawatembeza ghorofa kwa ghorofa kabla ya kupangiwa kazi. Wa kwenye slabu wabaki kwangu nikague mikanda.